Sahani moja ya bukari na maharagi inakula franka ngapi?

Bamama wa kikundi kimoja hapa Mitwaba wanapika chakula na kukiuzisha siku ya soko. Kila jioni sufuria zinabaki tupu, watu wamekula, lakini sanduku la kikundi haliongezeki. Tulienda kupika pamoja nao, na mizani ya kooperative mkononi.

Swali la kwanza tuliwauliza: leo mumetumia franka ngapi? Walihesabu mafuta, tomati, vitunguu na chumvi. Basi. Na unga? "Ile mahindi ni ya kwetu, tumevuna sisi wenyewe, tuhesabu nini tena?" Na maharagi vilevile. Hapo ndipo sanduku linatoboka. Kilo ya maharagi unayoitia ndani ya sufuria ni kilo ambayo hautaiuzisha sokoni. Basi iandike kwa bei ambayo mnunuzi angekulipa siku ile ile, na unga uandike pamoja na pesa ya mashine ya kusaga.

Tuliandika upya. Bei zinageuka kila wiki, kwa hiyo hizi muzichukue kama mfano, halafu muweke za kwenu. Unga kilo 5 kwa 1.500 FC ni 7.500. Maharagi kilo 3 kwa 3.000 ni 9.000. Mafuta nusu litri 2.500, tomati na vitunguu 2.000, chumvi 500. Mfuko wa makala ulinunuliwa 7.500 na unapikisha mara tatu, basi leo tunaandika 2.500. Jumla ni 24.000 FC.

Bamama walikuwa wanasema sufuria hizi zinatoa sahani 40. Kama ni kweli, 24.000 kugawa kwa 40 ni 600 FC kwa sahani. Wanauzisha 700, basi kila sahani ingewaachia 100.

Lakini 40 ilitoka wapi? Hakuna aliyekuwa amepima. Tulipima sufuria tupu kabla ya kupika, tukaipima tena na bukari ndani, tukatoa uzito wa sufuria. Kilo 5 za unga zilitoa kilo 13 za bukari. Uzito mwingine ule ni maji. Sahani moja inapewa gramu 400, kwa hiyo kilo 13 zinatoa sahani 32, na kipande kidogo kinabaki. Maharagi yaliyoiva pamoja na supu yake yalikuwa kilo 8. Kwa gramu 200 kila sahani, hayo yanafika kweli sahani 40. Ila nani atanunua maharagi bila bukari? Sahani unazouzisha ni zile za sufuria inayoisha kwanza.

Sasa gawa tena: 24.000 kwa 32 ni 750 FC. Wanauzisha 700! Mwisho wa siku wameingiza 22.400, wamepoteza 1.600, na maharagi ya sahani nane yanaliwa nyumbani bila kuandikwa.

Dawa yake haikuwa kupandisha bei. Tuliongeza unga kilo moja na robo, yaani 1.875 FC, ili bukari nayo ifike sahani 40. Jumla ikawa 25.875, na kila sahani ikashuka kufika karibu 647 FC. Faida ya franka 53 ni kidogo, na kazi ya mikono ya bamama bado haijalipwa humo, lakini sasa wanajua wanasimama wapi.

Kuna mkono pia. Anayepakua kwa kijiko kikubwa anamjazia jirani, anampunguzia mgeni. Gramu 50 tu zaidi kwa kila sahani, na zile kilo 13 za kwanza zingetoa sahani 28 badala ya 32. Bei ya moja ingepanda kufika 857 FC. Chagueni bakuli moja, pimeni mara moja bukari inayoingia ndani, halafu wote wapakue na bakuli ile, wakiilowesha maji ili bukari isishike.

Tena, meka si kilo. Meka ya kukata juu na meka ya kilima hazina uzito mmoja, basi ipimeni kwenye mizani kabla ya kuandika. Maharagi nayo mpime baada ya kuchagua: ukinunua kilo 3 kwa 9.000 na ukatupa gramu 200 za mawe na mbegu zilizotobolewa, umebaki na kilo 2,8 lakini umelipa 9.000 ile ile. Ndani ya hesabu ya sahani, andika 9.000 yote.

Kilo 13 zile ni za unga ule na za mkono ule. Unga uliochanganywa na muhogo, ao bukari laini zaidi, utatoa uzito mwingine. Mukibadilisha unga, pimeni sufuria tena. Makala ikipanda wakati wa mvua, sufuria haina haja ya kupimwa: badilisheni mustari mmoja tu kwenye daftari, mugawe upya.