Unene na Neema: Yanayosemwa na Watu na Yanayoonyeshwa na Tepu

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mwili mnene umekuwa kama barua ya wazi inayosomwa na kila apitaye. Mwanamume aliyeota kitambi husemwa kuwa mambo yamemnyookea. Bibi arusi aliyenenepa baada ya harusi husifiwa kwamba ndoa imemkubali, na sifa hiyo humfikia pia mumewe. Aliyepungua, kinyume chake, huulizwa kwa sauti ya chini: "Una nini? Mbona umekwisha hivi?"

Makala haya hayakusudii kumdhihaki mtu mnene wala kumsifu aliyekonda. Yanakusudia kuonyesha imani hiyo ilitoka wapi, ni kwa kiasi gani ina ukweli, na ni mahali gani inapoweza kumpoteza mtu anayeitegemea kama kipimo cha afya yake.

Imani yenye asili yake

Wazee wetu hawakubuni jambo hili bila sababu. Palipokuwa na ukame, nzige au vita, aliyekuwa na mwili alikuwa ndiye mwenye ghala. Kifua kikuu na minyoo viliwamaliza watu kwa kuwakondesha kwanza. Katika miaka ya 1980, ugonjwa wa Ukimwi ulipoanza kuonekana kandokando ya Ziwa Viktoria, watu wa Uganda waliuita silimu, yaani ugonjwa wa kukonda. Tangu hapo kupungua mwili kuliongezewa maana nyingine nzito, na watu wengi wakaona heri kubaki wanene kuliko kushukiwa.

Tena zipo desturi zinazopima matunzo kwa mwili. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, mama aliyejifungua hukaa ndani kwa muda, akilishwa mtori na nyama. Anapotoka amenawiri, ukoo wa mumewe huhesabiwa kuwa umemtunza. Mila hiyo ilikuwa na hekima, kwani mama anyonyeshaye anahitaji chakula cha kutosha na mapumziko.

Sehemu moja ya imani hii ni kweli hadi leo: mtu anayepungua uzito bila kukusudia hana budi kwenda hospitali. Kosa linaanza pale tunapogeuza maneno na kusema kwamba, kwa kuwa kukonda kwaweza kuwa ugonjwa, basi kunenepa ni afya.

Mafuta ya tumboni hufanya nini

Mwili huhifadhi chakula kilichozidi mahitaji yake katika umbo la mafuta. Yale yanayokaa chini ya ngozi, hasa mapajani na makalioni, huwa na madhara madogo zaidi. Yanayotia hofu ni yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakizunguka ini, kongosho na matumbo. Kitambi kile kinachoitwa cha heshima mara nyingi ndicho dalili yake.

Mafuta hayo ya ndani huvuruga kazi ya insulini, yaani kichocheo kinachotoka katika kongosho na kuiruhusu sukari iingie katika chembe za mwili. Mwili unapoanza kutoitii insulini, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Hufanya hivyo kwa miaka, na wakati wote huo mwenye mwili hahisi lolote. Kongosho linapochoka, sukari hubaki katika damu, na hicho ndicho kisukari cha ukubwani. Kwa njia zinazohusiana na hiyo, shinikizo la damu hupanda, na mishipa ya moyo na ya ubongo huharibika polepole.

Hapa ndipo macho yanapotudanganya. Katika miaka hiyo ya kimya mtu huonekana amenawiri, ngozi inang'aa, uso umejaa. Jirani humsifu. Ni damu na tepu tu vinavyoweza kusema vinginevyo.

Namna ya kujipima

Chukua tepu ya fundi cherehani. Simama wima, tafuta ncha ya chini ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha zungusha tepu katikati ya sehemu hizo mbili. Pumua nje kama kawaida, usivute tumbo ndani, wala usiikaze tepu. Pima juu ya ngozi au nguo nyepesi, si juu ya mkunjo wa kanga au mkanda wa suruali.

Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni hii: mzunguko wa tumbo usifikie nusu ya kimo chako. Mwenye kimo cha sentimita 170 anapaswa kuwa chini ya sentimita 85.

Kipimo cha pili ni uwiano wa uzito na kimo. Gawa uzito wako kwa kilo kwa kimo chako kwa mita, kisha gawa jibu tena kwa kimo hicho hicho. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito wa kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Vipimo hivi havimfai mama mjamzito. Tena, uwiano huu hautofautishi mafuta na misuli, kwa hiyo mpiga makasia au mbeba mizigo aweza kuonekana mzito bila kuwa na mafuta ya ziada. Ndiyo sababu tepu hutumika pamoja na mizani.

Mfano wa mama mmoja

Tuchukue mfano wa mama muuza vitenge mjini Tanga, mwenye miaka 41 na kimo cha sentimita 160. Alipoolewa alikuwa na kilo 56. Sasa ana kilo 84, na mawifi zake humwambia kila sikukuu, "Wifi, umenawiri! Kaka yetu anakutunza." Naye hufurahi, kwani ni kweli mumewe anamtunza.

Akigawa 84 kwa 1.6, na jibu akaligawa tena kwa 1.6, anapata 32.8. Tepu inasoma sentimita 98, ilhali nusu ya kimo chake ni 80. Zahanati inampima shinikizo la damu na kukuta 146 kwa 92. Kipimo kinarudiwa siku nyingine, nacho bado kimepita 140 kwa 90. Sukari yake kabla ya kula chochote asubuhi ni milimoli 6.4 kwa lita. Kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, yeye yuko mpakani.

Mama huyu hana maumivu. Anapanda ngazi akihema, na mumewe anasema anakoroma usiku. Yeye huyahesabu hayo kuwa uchovu wa biashara. Anapoelezwa kuwa apunguze uzito, swali lake la kwanza halihusu chakula. Anauliza, "Nikikonda, watu watasemaje?"

Swali hilo lina uzito, na jibu lake ni la kutia moyo kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanyika Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002, uliwafuata watu zaidi ya 3,000 wenye uzito uliozidi na sukari iliyofika mpakani. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea haraka kwa dakika 150 kwa wiki walipatwa na kisukari pungufu kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakuwekwa katika mpango huo.

Asilimia 7 ya kilo 84 ni karibu kilo 6. Mama huyu atabaki na kilo 78. Uwiano wake utakuwa 30.5, bado ni mama mwenye mwili wake, wala hakuna atakayemuuliza kama anaumwa. Afya haimtaki arudi kwenye kilo za siku ya harusi; inamtaka apunguze kiasi ambacho pengine wifi hatakiona, lakini ini na kongosho vitakihisi.

Aanzie wapi? Aanzie pale penye nguvu nyingi na shibe kidogo. Ikiwa lebo ya soda inaonyesha gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 350 ina gramu 35, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120. Akiyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye dumu, ataona mwenyewe tofauti. Zile dakika 150 ni nusu saa ya kutembea kwa siku 5, kwa mwendo unaomruhusu kuongea lakini si kuimba. Kwa kuwa shinikizo lake limepanda, aendelee pia kuhudhuria kliniki, na kama ameandikiwa dawa asiiache.

Tahadhari juu ya vidonge vya kunenepesha

Palipo na sifa pana soko. Vidonge vya kuongeza mwili, mashavu au makalio huuzwa madukani, sokoni na kwa simu. Baadhi huwa na deksamethasoni au siproheptadini. Siproheptadini ni dawa ya mzio ambayo huongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Deksamethasoni ni dawa yenye nguvu inayohitaji usimamizi wa daktari. Ikitumiwa ovyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kinga, na kuujaza uso ukawa wa duara. Uso huo ndio jirani anaousifu.

Ndugu mlaji, shuku kidonge chochote kinachouzwa kwa kuhesabiwa kutoka kwenye kopo au mfuko usio na lebo, kisichotaja viambato vyake, au kinachoahidi mwili mpya ndani ya siku chache. Ikiwa umekwisha kukitumia kwa wiki kadhaa, usikiache ghafla. Deksamethasoni inapotumika kwa muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukatisha kwa mara moja kwaweza kumwangusha mtu kwa kizunguzungu, kutapika na shinikizo kushuka. Chukua pakiti au vidonge vilivyobaki, nenda navyo hospitali, na ueleze umevitumia kwa muda gani.

Neema ya nyumba ina dalili nyingine za kuonekana: chakula kipo, watoto wanasoma, wageni wanapokelewa. Mwili wa mtu si mahali pa kuitangaza. Kila mtu mzima mwenye mzunguko wa tumbo uliofikia nusu ya kimo chake, hata akiwa hajisikii vibaya, afike katika kituo cha afya apimwe sukari na shinikizo la damu.