Mtoto yuko kwa jirani

Tuseme kijana mgeni, anayejifunza Kiswahili, amepanga chumba kwa mama mmoja mjini Tanga. Asubuhi ametoka, na mama yuko shambani. Anamwandikia ujumbe kwa simu: "Shikamoo mama. Mimi ni sokoni. Mtoto ni kwa jirani. Simu yako ndogo ni kwa fundi. Dawa zako ni mezani."

Mama ataelewa kila kitu. Akiwa na moyo wa kufundisha, atajibu hivi: "Marahaba mwanangu. Uko sokoni, mtoto yuko kwa jirani, simu iko kwa fundi, dawa ziko mezani. Haya, nunua na nazi mbili."

Kosa ni moja, limerudiwa mara nne. Neno "ni" kazi yake ni kusema kitu fulani ndicho kitu fulani: mimi ni mgeni, huyu ni fundi, hizi ni dawa za presha. Mtoto si "kwa jirani", na dawa si "mezani"; hapo ndipo walipo tu, na baada ya saa moja huenda wasiwepo. Kwa habari ya mahali, Kiswahili huchukua kiambishi cha ngeli na kukiunga na -ko, -po au -mo. Mtoto ni mtu, kwa hiyo yuko. Simu moja iko, dawa nyingi ziko. Ufunguo uko, kitabu kiko, gari liko (ingawa mitaani utasikia "gari iko" kuliko utakavyosikia "liko"). Paka, kwa kuwa ni kiumbe hai, hufuata watu: paka yuko uvunguni.

Kwa nini mgeni hukosea hapa hata baada ya kuzijua ngeli? Lugha nyingine, Kiingereza kikiwamo, hutumia kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili, hilo linafahamika. Lakini Kiswahili chenyewe nacho humtega. Sema habari za jana: "Mtoto alikuwa mgonjwa." "Mtoto alikuwa kwa jirani." Zote mbili ni sahihi, na kitenzi ni kilekile. Kesho pia: "Atakuwa mwalimu", "Atakuwa Dodoma". Mgeni aliyezoea "alikuwa" na "atakuwa" huona kwamba wakati uliopo utakuwa na neno moja vilevile, naye huchukua "ni". Njia zinaachana katika wakati uliopo tu, ambao ndio tunaoutumia zaidi tukiulizana vitu vilipo.

Kipimo chepesi ni kukanusha. "Mimi ni mgeni" hugeuka "mimi si mgeni", na sikio halishtuki. Sasa jaribu "dawa si mezani". Sentensi inabaki inaning'inia, kana kwamba kuna neno litakuja. Mwenye lugha atasema "dawa haziko mezani", na hapo utajua kwamba sentensi ya mwanzo ilitaka "ziko".

Mama angeweza pia kuandika "dawa zipo mezani". Kwa asili, -po huelekeza mahali mahususi panapojulikana, -ko mahali pa jumla au pa mbali, na -mo ndani ya kitu: vikombe vimo kabatini. Ndiyo maana anayeuliza asipojua mahali husema "yuko wapi?", na anayebisha hodi akitaka kujua kama mtu amehudhuria husema "yupo?" Katika mazungumzo ya kila siku mipaka hiyo imelegea. Tanzania "yupo" husikika sana hata pale ambapo Mkenya angesema "yuko", na sioni sababu ya kumsahihisha yeyote kati yao.

Lipo kosa la upande wa pili pia. Katika Kiswahili walichotumia walowezi nchini Kenya, "iko" ilibebeshwa kila kitu bila kujali ngeli: "bwana iko?", "mimi iko na kazi". Mgeni aliyeonywa mno kuhusu "ni" anaweza kuangukia huko, akaandika "mama iko shambani".

Wala "ni" haifukuzwi kila panapotajwa mahali. "Kwao ni Tanga" ni sahihi, kwa sababu "kwao" penyewe ni mahali, na Tanga ni mahali. Pande mbili zinalingana. "Mji mkuu wa Tanzania ni Dodoma", lakini "Bunge liko Dodoma". Shughuli nazo zina desturi yake: watu huulizana "harusi ni wapi?", kama wanavyouliza "harusi ni lini?", kwa kuwa harusi hupangiwa mahali na siku. Kwa hiyo mama akimwandikia kijana wake kwamba harusi ni Pongwe saa kumi, lakini bibi harusi bado yuko saluni Ngamiani, kila neno liko mahali pake, hata kama bibi harusi hayuko.