Kilo Ambazo Kioo Hakizioni

Robota la mkonge huwa na kilo 250 hivi. Katika ghala dogo la Tanga halipandishwi kwenye mizani ya chini, linaning'inizwa. Juu ipo chenibloku iliyofungwa kwenye boriti, katikati mizani yenye kioo cha namba, chini yake ndoana na mikanda. Mpimaji hutazama kioo, huandika, basi.

Mizani hiyo huhakikiwa kwa mawe. Watu wawili huning'iniza trei tupu, husawazisha kioo kisome sifuri, kisha hupanga mawe ya kilo 20 matano matano: 100, 200, hadi 500. Halafu huyapunguza vivyo hivyo. Namba za kupanda zisipolingana na za kushuka, kuna kitu ndani kimechoka au kinakwaruza. Kujaribu kwa jiwe moja tu hakusaidii, kwa sababu kosa la nusu kilo kwenye kila mia halionekani kwenye kilo 20.

Wakati mwingine mizani mpya kabisa husoma 498.5 badala ya 500. Si mbovu. Ilisawazishwa Ulaya, na karibu na ikweta dunia huvuta vitu kwa nguvu pungufu kidogo. Kuirekebisha si kazi ya mwenye ghala: lakiri haivunjwi, anaitwa ofisa wa Wakala wa Vipimo.

Mawe yakishatoa jibu zuri, bado mkono wa kibarua unaweza kuliharibu. Robota likivutwa kando kwa kamba hadi mnyororo uiname nyuzi 15, kioo husoma 259 badala ya 250. Likigusa sakafu kidogo, husoma pungufu. Kwa hiyo namba huandikwa mzigo ukiwa umetulia, haushikwi na mtu.

Mikanda ndiyo yenye hila zaidi. Marobota mawili, kilo 500, yakishikwa na mikanda miwili iliyosimama wima, kila mmoja hubeba 250. Mikanda ikitanuka hadi pembe kati yake ifike nyuzi 90, kila mmoja huvutwa kwa uzito wa kilo 354 hivi. Ikifika 120, kila mmoja hubeba 500 nzima. Muda wote huo kioo kinasoma 500 ileile, maana kiko juu ya mahali mikanda inapokutana. Mkanda mfupi, ambao wengi huupenda kwa kuwa haupotezi kimo, ndio unaokatika.

Na chenibloku je? Imeandikwa SWL 1 t, mizani 2 t. Mzigo hufuata kidogo kuliko vyote, yaani tani 1, boriti nayo ikiwa haijui pungufu ya hiyo. Marobota manne ni kilo 1,000 kamili, na kioo kitasema hivyo kwa sababu trei ilishafutwa kwa kitufe. Lakini trei ya kilo 40 bado inaning'inia, pamoja na mizani yenyewe ya kilo 15. Chenibloku inabeba 1,055. Ghala hilo linapaswa kupandisha matatu.