Mchoro Mmoja Unaoendesha Mashine Nzima

Mashine ya kusaga nafaka inaweza kusanifiwa kwenye kompyuta kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchora kila kipande peke yake, fremu, puli na kinga ya mkanda, kisha kuviunganisha na kuona kama vinakaa. Ya pili huanza na mchoro mkuu: mistari na duara chache zinazoonyesha shafti iko wapi, mota iko wapi na mkanda unapita wapi. Vipande huja baadaye, kila kimoja kikichukua umbo na mahali pake kutoka kwenye mchoro huo. Njia hii ya pili ndiyo usanifu wa kutoka juu kwenda chini.

Tuseme kinu kinaendeshwa na mota ya mizunguko 1450 kwa dakika. Mota ina puli ya milimita 200 na kinu kina puli ya milimita 100, hivyo kinu huzunguka mara 2900. Mkanda ni wa aina ya SPA, urefu 1700. Mchoro mkuu huanzia kwenye kitovu cha shafti ya kinu: hapo huwekwa duara la 100, na pembeni yake, katika usawa uleule, duara la 200. Swali kubwa ni umbali kati ya vitovu hivyo viwili, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuandika tu namba ya mviringo kama 600. Mikanda huuzwa kwa urefu uliokwisha pangwa, kwa hiyo urefu wa mkanda ndio unaopaswa kuamua umbali, si kinyume chake:

```
L = 2C + π(D + d)/2 + (D − d)²/(4C)
```

L ni urefu wa mkanda, D na d ni vipenyo vya puli, C ni umbali unaotafutwa. Kwa vipimo hivi, C ni kama milimita 612.3.

Vitu vya kununua dukani havibadiliki, na mchoro huvipokea vilivyo. Beringi ya UCP208 ina kitovu kilicho milimita 49.2 juu ya kitako chake. Mota ya ukubwa wa 132 ina shafti iliyo milimita 132 juu ya miguu yake. Ili shafti zote mbili ziwe usawa mmoja, bamba la mota lazima liwe milimita 82.8 chini ya bamba la beringi, na tofauti hiyo nayo huandikwa kwenye mchoro mara moja. Fremu sasa hupata vimo vyake viwili hapo, bamba la mota hupata mahali pa matundu yake marefu ya kukazia mkanda, na kinga hufuata mzunguko wa mkanda ikiacha nafasi ya milimita 25 pande zote. Kila kipande huingizwa kwenye mashine kwa kulinganisha chanzo chake na chanzo cha mchoro, kwa hiyo hakuna haja ya kukibana kwa jirani yake.

Faida huonekana siku mwenye kinu anapotaka mwendo mdogo. Puli ya kinu ikifanywa 125, mizunguko hushuka hadi 2320 na C huwa karibu 593.6. Namba moja imebadilishwa, na mota imesogea karibu milimita 19 kuelekea kinu; matundu ya bamba, fremu na kinga vyote vimeifuata. Kwa njia ya kwanza, fundi angelazimika kukumbuka vipande hivyo kimoja kimoja, na kile alichokisahau angekigundua baada ya chuma kukatwa.

Mfumo huu huharibika pale kipande kinapoacha mchoro na kuanza kuiga jirani. Kinga ikichorwa kwa kufuata ukingo wa puli, puli ikifutwa kinga hubaki bila msingi. Vibaya zaidi ni mchoro wenyewe kuchukua kipimo kutoka kwenye kipande kinachoutegemea, maana utegemezi hujizungusha. Dalili yake ni rahisi kuiona: mashine ikijengwa upya mara mbili, kwa SolidWorks kwa kubonyeza `Ctrl+Q`, vipande husogea tena mara ya pili ingawa hakuna kilichobadilishwa. Programu hiyo pia huweka alama `->` kwenye kipande kinachotegemea kitu cha nje, `->?` pale inaposhindwa kukifikia kwa wakati huo, na `->x` utegemezi ukiwa umekatwa.

Kipande kinachoendeshwa na mchoro hakifai kupelekwa hivyohivyo kwenye mashine nyingine, kwa sababu mchoro wa kwanza ukibadilishwa nacho hubadilika huko kiliko. Kwanza hutengenezwa nakala yake, kisha utegemezi wa nakala hiyo hukatwa.