Wiki ya Kula Unguja: Ratiba Inayopangwa kwa Mwezi na Maji

Wageni wengi wanaokwenda Unguja kwa ajili ya chakula huanza kupanga kwa ramani. Siku mbili Mji Mkongwe, siku mbili Nungwi, siku mbili Jambiani, na kila usiku wa mjini unaishia Forodhani. Ratiba ya namna hiyo haina ubaya kwa anayetafuta pwani ya kuogelea. Kwa anayetafuta chakula cha sokoni na cha barazani ina kasoro moja kubwa: vyakula vya Unguja vina saa zake, vina siku zake, na vingine vina maji yake. Anayefika Jambiani bahari imejaa hatakuta pweza aliyetoka mwambani asubuhi ile. Na anayefika Darajani saa nane mchana atakuta mbao za samaki zimeshamwagiwa maji na kusuguliwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutazama kabla ya kukata tiketi ya boti ni kalenda ya mwezi, na sababu yake ni ya kibahari. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, pwani ya Zanzibar hupata bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana, na tofauti ya kina inaweza kufika takriban mita nne. Siku hizo bahari hukupwa mbali, miamba ikabaki wazi, na ndipo watu huingia kwa miguu kusaka pweza. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, na pweza hupungua vikapuni.

Lakini bamvua mbili hizo si sawa kwa mlaji. Wavuvi wa dagaa na vibua hutumia taa usiku, na taa huvuta samaki pale tu penye giza. Mbalamwezi ikiwa kali, wengi wao hupumzika. Mwezi mpevu basi huleta pweza lakini hupunguza dagaa. Mwezi mwandamo huleta vyote viwili, kwa kuwa bahari inakauka mchana na usiku ni kiza. Wiki bora ya kula Unguja ni ile ambayo tarehe mosi na pili za mwezi wa Kiislamu zinaangukia katikati yake. Mwezi mmoja tu hauingii katika hesabu hii. Wakati wa Ramadhani hakuna kula hadharani mchana, na raha yote ya chakula huhamia magharibi na usiku. Hiyo nayo ni safari nzuri, ila ni safari nyingine.

Tuchukue mfano. Mwezi umeandama Jumanne jioni, hivyo Jumatano ni tarehe mosi. Msafiri anatoka Dar es Salaam Jumatatu kwa boti ya asubuhi, mwendo wa kama saa mbili, na mchana ameshafika Malindi. Siku ya kwanza haihitaji mambo makubwa. Inahitaji bakuli moja la urojo.

Urojo ni chakula cha alasiri, na kuuona unavyotengenezwa ni nusu ya utamu wake. Katika sufuria kuna mchuzi wa manjano, mzito kidogo kwa unga wa ngano, wenye rangi ya bizari na ukali wa embe mbichi au ndimu. Muuzaji huanza na viazi vilivyochemshwa, huvikatia bakulini, huweka bajia mbili tatu na kipande cha kachori, kisha huteka mchuzi na kuumimina juu. Baada ya hapo hufuata mishikaki iliyochomolewa kwenye kijiti, nusu ya yai, kijiko cha chatini ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chipsi za muhogo zilizosagika, ambazo lazima ziliwe kabla hazijalowa. Bakuli moja humshibisha mtu. Msafiri mwenye akili hulila na mwenzake, kwa sababu jioni bado ipo.

Hapo pia ndipo pa kujifunza kutambua hatari. Mchuzi wa urojo ukiwa juu ya moto unaotokota hauna neno. Mwenye kuhitaji macho ni chatini. Nazi iliyokunwa au kusagwa haistahimili joto, huchachuka ndani ya saa chache, na dalili zake ni vipovu vidogo pembezoni mwa chombo na harufu inayokaribia ya tembo. Akiona hivyo, mtu huomba urojo wake bila chatini na mambo yanaendelea. Usiku wa kwanza unatosha kumalizika kwa kahawa chungu na kashata katika baraza za Soko Muhogo, pale panapoitwa Jaws Corner, ambapo muuza kahawa hamwulizi mtu anataka sukari ngapi.

Jumanne ni ya Darajani. Marikiti hii ilijengwa mwaka 1904, na hadi leo upande wa samaki huamka mapema kuliko pande nyingine. Kufikia saa moja na nusu asubuhi mnada umepamba moto: samaki wamepangwa chini, dalali anapanda bei kwa kasi ambayo mgeni haifuati, na wanaonunua ni watu wa mikahawa, wachuuzi wa mitaani na mama ntilie. Mgeni hana haja ya kununua. Kazi yake siku hiyo ni kutazama na kuuliza. Changu mzima wa kiasi fulani ameuzwa bei gani? Pweza je? Kamba? Atazame jicho la samaki aliyetoka majini usiku ule, lilivyo angavu na lilivyojaa, na mashavu yake yalivyo mekundu ndani. Elimu hii itamfaa sana Jumamosi. Akitoka hapo anapata chai: mkate wa ufuta, ambao ni mnene, laini na wenye harufu ya nazi, pamoja na mbaazi za nazi, au supu kwa anayeiweza asubuhi.

Jumatano inaweza kwenda mashamba ya viungo ya Kizimbani au Kidichi. Ni nusu siku tu, na chakula cha mchana cha shambani, pilau na mchuzi, mara nyingi ni kizuri kuliko maelezo yanayotangulia. Jioni msafiri alale mapema. Alhamisi ndiyo siku inayobeba wiki nzima.

Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50. Daladala namba 309 ya Jambiani huchukua zaidi ya saa moja kutoka mjini, kwa hiyo anayetoka saa kumi na mbili na nusu anafika bahari ikiwa bado inatoka. Ataona kina mama wakishuka kwenda kwenye mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa hapa na Paje mwaka 1989, na mbele zaidi, karibu na mahali mawimbi yanapovunjika, ataona watu wameinama na vyuma vyenye ncha wakichungulia mashimo ya miamba. Pweza hutambulikana kwa mlango wake: vigamba vya kaa na chaza alivyokula huvitupa nje ya shimo. Aliyepatikana huuawa papo hapo, kisha hupigwapigwa juu ya mwamba mpaka nyama ilegee.

Maji yanapoanza kurudi, watu nao hurudi, na kufikia saa saba pweza wa asubuhi ile yuko chunguni. Anayepika vizuri humweka kwenye chungu karibu bila maji, kwa sababu pweza hutoa maji mengi mwenyewe, na humchemsha hadi kisu kipenye bila kulazimishwa. Tui la nazi huja baadaye. Anayeharakisha akatia tui mapema hupata mchuzi mzuri na nyama ya kutafuna mpaka magharibi. Jambo la kupanga ni kuzungumza na mwenye nyumba au mwenye mgahawa mdogo tangu Jumanne kwa simu, maana chakula hiki hakisubiri mteja mezani. Aulize pia kama mwamba uko wazi: baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu za miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mwenye bahati ya kuangukia siku ya ufunguzi ataona vikapu vya kutosha. Na msimu wa kusi, kati ya Juni na Agosti, upepo unaweza kuharibu mpango wote, bamvua au si bamvua.

Msafiri analala Jambiani na Ijumaa asubuhi anarudi mjini, kwa sababu Ijumaa ni siku ya biriani. Hapa mchele hupikwa peke yake na rojo ya nyama peke yake, vikakutana kwenye sahani chini ya vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka. Wapishi hukusudia watu wanaotoka msikitini. Anayekuja kabla ya sala huenda akakuta mlango umefungwa, na anayekuja saa tisa huenda akakuta masufuria yanaoshwa. Saa saba na nusu ni sahihi, na jioni hiyo hapahitajiki chakula kingine zaidi ya tunda.

Forodhani imeachwa makusudi hadi Jumamosi. Bustani hii, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, si mahali pa kuanzia bali pa kumalizia, wakati macho yameshazoea na bei zinajulikana. Kila meza ina mishikaki ya samaki, pweza na kamba iliyopangwa kwa urembo, na sehemu kubwa yake imeshapikwa kabla ya jua kuzama. Inasubiri kupashwa moto tu, na kama soko lilikuwa baya jana, inaweza kuwa ya jana. Kingo zilizokauka na kujikunja ndizo zinazosema ukweli. Afadhali kuchagua kipande kibichi kichomwe mbele ya macho, na kukubaliana bei kabla hakijagusa makaa. Penye usalama zaidi ni kwenye chuma cha pizza ya Kizanzibari, kwa kuwa huko unga hutandazwa, nyama ya kusaga, kitunguu na yai hutiwa, hukunjwa na kukaangwa wakati mteja amesimama, na hakuna cha kuficha. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu inakamilisha, bila barafu kwa anayejua tumbo lake.

Jumapili ni ya kununua vya kubeba. Halua hudumu, kashata hudumu, viungo hudumu. Karafuu za pakiti ndogo za sokoni hazina shida, lakini msafiri asishawishike kununua gunia shambani kwa bei ya chini: biashara ya karafuu Zanzibar iko mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC, na mzigo mkubwa usio na kibali huhesabiwa kuwa ni magendo hapo hapo bandarini.