Bei imepanda, lakini kilo moja inaleta kidogo: feza ilienda wapi?

Kwenye mkutano mkuu wa koperative, mara nyingi mambo yanaanza hivi. Kamati inasoma kwamba mauzo yamepanda, watu wanapiga mikono. Halafu memba mmoja anayejua hesabu anasimama, anagawanya feza yote kwa kilo zote, na anauliza: «Mwaka jana kilo moja ilileta senti 84. Mwaka huu senti 80. Mbona mnatuambia bei ilipanda? Hizo senti 4 nani alizikula?» Toka hapo hakuna tena mkutano, ni mashitaka.

Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Bei ya kila aina inaweza kupanda, na bado kilo moja ikaleta kidogo kuliko mbele. Ili kuliona jambo hilo, inafaa kugawanya badiliko la mauzo katika vipande vitatu: kipande cha kilo, kipande cha aina, na kipande cha bei. Hauhitaji mashini kubwa. Kaye ya komande, kalamu na kalkulatrise vinatosha.

Tuchukue mfano wa koperative ya maharagi kwenye milima ya Kalehe, inayouzisha kwa wachuuzi wa Bukavu. Namba ni za mfano tu, tumezifanya nyepesi ili kila mtu azifuate. Koperative hiyo iko na aina mbili: maharagi ya njano, yenye bei ya juu, na maharagi mekundu.

Sezoni A ya mwaka jana waliuzisha kilo 6.000 za njano kwa dola 1 kilo, na kilo 4.000 za mekundu kwa senti 60. Jumla ni kilo 10.000 na dola 8.400.

Sezoni A ya mwaka huu waliuzisha kilo 4.000 za njano kwa dola 1 na senti 10, na kilo 8.000 za mekundu kwa senti 65. Jumla ni kilo 12.000 na dola 9.600.

Mauzo yamepanda kwa dola 1.200. Angalia vizuri: tunalinganisha sezoni A na sezoni A. Ukiweka A pembeni ya B, unapima tofauti ya mvua na ya soko la miezi mingine, si kazi ya koperative.

Sasa tupande ngazi tatu, kila ngazi tukibadilisha kitu kimoja tu.

Ngazi ya kwanza ni kilo. Tujiulize: kama tungeuzisha kilo 12.000 kwa bei za mwaka jana, na kwa mgawanyo ule ule wa mwaka jana, tungepata ngapi? Mwaka jana, katika kila kilo 10, 6 zilikuwa za njano na 4 mekundu. Kwa kilo 12.000 hiyo ingekuwa 7.200 za njano na 4.800 mekundu. Kwa bei za zamani ni dola 7.200 na dola 2.880, jumla 10.080. Toka 8.400 mpaka 10.080, kilo zimeongeza dola 1.680.

Ngazi ya pili ni aina. Sasa tunaweka kilo zilizouzishwa kweli, 4.000 za njano na 8.000 mekundu, lakini bado kwa bei za mwaka jana. Ni dola 4.000 na dola 4.800, jumla 8.800. Toka 10.080 tumeshuka mpaka 8.800. Kubadilika kwa aina kumetoa dola 1.280.

Ngazi ya tatu ni bei. Kilo zile zile, sasa kwa bei za mwaka huu, zinatupa 9.600. Toka 8.800 tumepanda dola 800.

Hakikisha: 1.680, toa 1.280, ongeza 800, ni 1.200. Ikiwa vipande vitatu havirudishi badiliko lote, kuna kosa mahali, usisome kitu mbele ya kulipata.

Basi memba wetu amejibiwa. Hakuna aliyekula senti 4. Kila aina iliuzishwa kwa bei nzuri kuliko mwaka jana. Kilo moja ilishuka juu maharagi ya njano yalipungua na mekundu yakaongezeka.

Lakini hesabu hii inaonyesha feza ilipotelea wapi, haionyeshi sababu. Sababu iko ndani ya kaye ya komande, na ndiyo maana kaye hiyo inapaswa kuwa na mistari miwili tofauti: kilo zilizoombwa, na kilo zilizotolewa na kulipwa. Makaratani wengi wanaandika zilizotolewa peke yake, na hapo habari ya maana inapotea.

Tuseme wachuuzi wa Bukavu waliomba kilo 4.000 tu za njano. Basi soko ndilo lililobadilika, na inafaa kutafuta wanunuzi wengine au kupunguza shamba la njano. Lakini tuseme waliomba kilo 7.500, na depo ikatoa 4.000. Hapo soko liko, bidhaa ndiyo imekosa. Sasa fungua kaye ya kupokea mavuno. Kama wamemba walewale waliopanda njano walileta mifuko michache, inawezekana mavuno yaliharibika, au waliuzisha shambani kwa mchuuzi anayelipa papo hapo, wakati koperative inalipa nyuma ya wiki tatu. Ulizeni wenyewe. Kama ni hiyo, dola 1.280 ni mpaka wa kufikiria: kutoa malipo ya mwanzo kwa njano pale depo kunaweza kugharimu kiasi gani, na kungerudisha kiasi gani?

Kuna mambo manne yanayoharibu hesabu hii mara nyingi.

La kwanza ni kipimo. Mfuko uliojazwa mpaka juu na mfuko wa kawaida si kilo sawa. Andika kilo za mizani, si hesabu ya mifuko. Na usijumlishe kilo za maharagi na litre za mafuta. Fanya hesabu kila jamii peke yake.

La pili ni franka. Komande zilizolipwa kwa franka zigeuzwe dola kwa kiwango cha siku ile ya malipo. Ukitumia kiwango cha leo kwa sezoni yote, utaona bei imepanda au imeshuka pahali hakuna kitu.

La tatu ni bei isiyo sawa. Kama mwaka jana bei iliandikwa pamoja na usafiri, na mwaka huu bila usafiri, kipande cha bei ni uongo.

La nne ni aina mpya. Aina ambayo haikuwako mwaka jana haina bei ya zamani. Iweke pembeni, andika feza yake kama kipande cha nne.

Tena, fuateni ngazi kwa utaratibu ule ule kila mwaka: kilo, aina, bei. Ukianza na bei, vipande vitabadilika kidogo ijapo jumla ni ile ile, na sezoni mbili hazitalinganishwa tena. Na msisahau kwamba haya yote ni mauzo, si faida. Gharama za mifuko, za usafiri na za depo bado hazijatolewa.

Mbele ya mkutano unaokuja, karani aandike zile namba nne ukutani: 8.400, 10.080, 8.800, 9.600, na pembeni ya kila ngazi neno moja: kilo, aina, bei. Memba anayeuliza senti 4 ataziona kwa macho yake, na maneno yatakuwa juu ya kilo 3.500 za njano zilizoombwa na hazikutolewa.