Sura ya 4: Aya ya Kazi ya Kikundi

Anayeomba mafunzo tarajali ya uratibu msaidizi wa mradi kwa kawaida hana ajira ya kuonyesha. Ana masomo, na ana kazi za kikundi alizofanya chuoni. Katika barua ya maombi, anwani, tarehe, “YAH:” na salamu vina mpangilio unaojulikana. Uzito wa barua uko katika aya ya pili, pale mwombaji anapoeleza alichofanya.

Wengi huandika hivi: “Nilishiriki katika mradi wa kikundi na nina uwezo wa kufanya kazi kwa ushirikiano.” Sentensi hiyo wanakikundi wote wangeweza kuitia saini, hata yule ambaye hakufika kikaoni. Msomaji hapati cha kumtofautisha mwombaji na wenzake.

Mratibu msaidizi hutunza ratiba, huitisha vikao, huandika mihtasari, hufuatilia nani anadaiwa kazi gani, na hukusanya taarifa za maendeleo. Kwa hiyo soma tangazo la nafasi, kisha tafuta ni ipi kati ya kazi hizo uliyoifanya wewe mwenyewe chuoni. Tuseme mwanafunzi alikuwa katika kundi la watu watano lililochunguza huduma ya maji katika kata moja. Aya yake inaweza kuwa hivi:

“Katika somo la Usimamizi wa Miradi nilijifunza kuandaa mpango kazi kwa chati ya Gantt, nikautumia katika utafiti wa kundi letu kuhusu vituo vya maji. Jukumu langu lilikuwa kutunza ratiba na kuandika mihtasari ya vikao. Kibali cha ofisi ya kata kilipochelewa kwa wiki moja, nilipendekeza muda huo tuutumie kujaribisha dodoso kwa wanafunzi wenzetu. Tulirekebisha maswali mawili yaliyokuwa hayaeleweki, na ripoti tukaiwasilisha kwa wakati.”

Hapa somo limetajwa pamoja na kifaa kilichotokana nalo na mahali kilipotumika. “Mimi” na “sisi” havikuchanganywa: ratiba ni yake, ripoti ni ya wote. Kilichochelewa kimetajwa bila kulaumu mtu, kwa sababu ucheleweshaji ndio mahali kazi ya mratibu inapoonekana. Mradi usio na tatizo lolote humwachia msomaji maswali.

Hatari iliyopo ni kutia chumvi. Aliyetunza ratiba akiandika “nilisimamia mradi”, kwenye usaili ataulizwa aligawaje bajeti na alimripoti nani, na kazi ya darasani mara nyingi haina majibu ya maswali hayo. Andika tu kile unachoweza kukionyesha: ile chati, au muhtasari mmoja wa kikao wenye jina la mhusika na tarehe ya mwisho mbele ya kila kazi. Ukikosa karatasi ya namna hiyo, punguza dai lako mpaka lilingane na ulichofanya.